Ushuru wa kitanda Ngamiani: nani hasa anaulipa?

Chumba cha shilingi 20,000 katika gesti ya Ngamiani kinaiingizia Halmashauri ya Jiji la Tanga fedha nyingi kuliko chumba cha shilingi 150,000 katika hoteli kubwa ya ufukweni. Msomaji anaweza kudhani nimepindua tarakimu. Sijapindua. Hivyo ndivyo sheria zetu za kodi zilivyogawana wageni, na ukiifuata hesabu hatua kwa hatua utaona kwa nini ule usemi kwamba ushuru wa hoteli unalipwa na watu wa nje una ukweli kidogo sana mjini hapa.

Tuanze na mgawanyo wenyewe. Nyumba ya kulala wageni ambayo haijasajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani hulipa ushuru wa malazi kwa halmashauri. Nyumba iliyosajiliwa hutoza VAT ya asilimia 18 na kuipeleka TRA, na halmashauri hupata chake kwa mlango mwingine, yaani ushuru wa huduma usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo kabla ya VAT. Mpaka kati ya nyumba hizi mbili ni mauzo ya mwaka. Kwa miaka kadhaa ulikuwa shilingi milioni 100, kisha Sheria ya Fedha ya 2023 ikaupandisha hadi milioni 200. Gesti nyingi za mitaani ziko chini ya mpaka huo.

Sasa hesabu, kwa bei za mfano. Nikitumia kiwango cha asilimia 10 kwa ushuru wa malazi, chumba cha 20,000 kinatoa 2,000 kwa Jiji. Chumba cha 150,000 kinatoa 27,000 za VAT, na zote zinakwenda Hazina. Jiji linabaki na asilimia 0.3, yaani shilingi 450. Mfanyabiashara wa vitunguu aliyeshuka na basi la Lushoto amelichangia Jiji zaidi ya mara nne ya mtalii aliyelala akisikiliza mawimbi. Ni kweli kwamba Hazina nayo hurudisha fedha halmashauri kwa mishahara ya walimu na wauguzi na kwa miradi. Lakini fedha hizo hazigawanywi kwa kufuata nani alilala wapi. Zile ambazo Jiji linazikusanya lenyewe na kuzipangia matumizi ndizo za gesti.

Wanaolala katika gesti hizo ni akina nani? Ngamiani ni eneo la mitaa ya namba, barabara baada ya barabara, lenye soko na maduka ya jumla, karibu na Uwanja wa Mkwakwani. Anayelala hapa ni dereva wa lori, mwenye mzigo wa Pemba anayesubiri chombo, ndugu waliokuja msibani wakakosa nafasi nyumbani, mashabiki wa timu ya ugenini, mgonjwa wa Handeni aliyeambiwa arudi hospitali kesho asubuhi. Huhitaji utafiti mkubwa kulijua hili, kwa sababu kila gesti ina kitabu cha wageni kaunta. Kina safu za jina, kabila, kazi, namba ya kitambulisho, anakotoka, anakokwenda, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Safu ya anakotoka ndiyo inayojibu swali la nani anaubeba ushuru, lakini mkusanyaji anapokifungua kitabu huhesabu mistari tu na kukifunga.

Hapa pana jambo linalochanganya wengi. Kwa macho ya Jiji la Tanga, mtu wa Korogwe ni wa nje, kwa hiyo ushuru wake unaonekana kama mzigo uliohamishiwa kwa mwingine. Ila Korogwe nayo ina gesti, na mtu wa Ngamiani akilala kule analipa vile vile. Lushoto hivyo hivyo, Muheza hivyo hivyo. Ukijumlisha mkoa mzima, watu wale wale wanalipana kwa zamu. Mzigo unaondoka kweli nchini pale tu anayelipa ni mgeni kutoka nje ya nchi, na wageni hao wanapokuja kaskazini mwa pwani hii hawalali mjini kwa wingi. Wanaopenda misitu huenda Amani, iliyo wilaya ya Muheza. Wanaopenda milima huenda Lushoto. Wanaopenda bahari huenda Ushongo, wilaya ya Pangani, ili wapate mashua ya kwenda kisiwa cha Maziwe. Jiji huwaona wakipita, labda wakisimama mapango ya Amboni kwa saa mbili.

Fedha zao kubwa hukusanywa kabla hata hawajafika kitandani. Viza ya kawaida ni dola 50, na kwa Mmarekani ni dola 100. Kiingilio cha Hifadhi ya Taifa ya Saadani kwa mtu mzima asiye mkazi kimekuwa dola 30, na tangu huduma za utalii zilipoondolewa msamaha wa VAT mwaka 2016 zinaongezeka asilimia 18, zinafika 35.40. Watu wawili kwa siku mbili wanalipa dola 141.60. Huku ndiko kuhamisha mzigo kwa maana halisi, kwa sababu bei inatofautisha raia na mgeni mlangoni. Lakini kuanzia mwaka wa fedha 2020/21 ukusanyaji wa mapato ya hifadhi ulihamishiwa TRA, yaingie Mfuko Mkuu wa Serikali.

Turudi kaunta, maana nani anaandikiwa stakabadhi na nani anaumia si lazima wawe mtu mmoja. Chukua gesti ya vyumba kumi, bei 20,000, na kwa wastani vyumba sita vimejaa kila usiku. Sita mara siku 365 ni malazi 2,190, mauzo shilingi milioni 43.8. Iko mbali sana na mpaka wa VAT. Asilimia 10 ni milioni 4.38 kwa mwaka, au 365,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi mwenye gesti anaongeza 2,000 juu ya bei na mgeni analipa 22,000. Mtaani haiendi hivyo. Bei ya chumba inafuata noti, na gesti ya barabara inayofuata imebandika 20,000. Mgeni mwenye begi begani atavuka barabara kwa ajili ya elfu mbili hizo. Basi mwenye gesti anaacha 20,000 ile ile na kuumega ushuru kutoka ndani. Anabaki na 18,182, na 1,818 inakwenda Jiji. Kama gharama zake kwa chumba (umeme wa LUKU, maji, sabuni, mashuka, mshahara wa mhudumu, pango la kiwanja) ni 12,000, faida imeshuka kutoka 8,000 hadi 6,182. Hiyo ni karibu robo ya faida. Ushuru ulioandikwa kwa jina la mgeni umelipwa na mama mwenye nyumba wa barabara ya kumi na mbili, mkazi wa Tanga na mpiga kura wa hapa hapa.

Ndiyo maana vitabu vinapungua mistari. Chumba kilichochukuliwa mchana kwa saa chache hakiandikwi. Mgeni wa siku tatu anaandikwa siku moja. Mkusanyaji anayejua kazi hakitegemei kitabu. Anapita alfajiri na kuangalia ubao wa funguo, anahesabu mashuka kwenye kamba ya kuanikia, analinganisha uniti za umeme za mwezi huu na za mwezi uliopita. Kitabu kikisema vyumba vitatu na kamba ina mashuka saba, majibu yako kwenye kamba. Asiyetaka kazi hiyo hukaa chini na mwenye gesti wakakubaliana kiasi cha mwezi, tuseme nusu ya kile kilichostahili, 182,500. Wote wawili wanapumua, lakini tangu siku hiyo ushuru umeacha kufuata wageni. Umekuwa ada ya kufungua mlango, inayolipwa sawa mwezi wenye wageni na mwezi mkavu wa Ramadhani.

Wapo wanaosema dawa ni kutoza kiasi maalumu kwa kila kitanda, kwa dola, kama wenzetu wa visiwani. Zanzibar ilipandisha tozo yake ya miundombinu mwaka 2023 kutoka dola 1 hadi 5 kwa mtu kwa usiku, na kuanzia Oktoba 2024 ikaongeza bima ya lazima ya dola 44 kwa mgeni kutoka nje ya nchi. Kule inaeleweka. Mwaka 2024 Unguja na Pemba zilipokea wageni zaidi ya 700,000, ambao tayari wamelipia ndege na hoteli ya wiki nzima. Wawili wakikaa siku saba tozo ni dola 70, na hakuna anayefuta safari ya maelfu ya dola kwa sababu hiyo. Sasa ilete tozo hiyo barabara ya kumi na mbili. Tukihesabu dola kwa shilingi 2,500, dola 5 ni 12,500. Kwenye chumba cha 150,000 ni asilimia 8 na kidogo. Kwenye chumba cha 20,000 ni asilimia 62.5. Tozo ya kiasi kimoja humwangukia anayelala chumba cha bei ya chini.

Mimi ningetazama kwa Wakenya. Tangu miaka ya 1970 wanatoza hoteli na migahawa yao asilimia 2 ya mauzo, na fedha hizo zimesaidia kukigharimia Chuo cha Utalii cha Nairobi. Hebu tuijaribu asilimia 2 hiyo Tanga, kwa hoteli zilizosajiliwa VAT, ilipwe kwa Jiji badala ya ile 0.3. Hoteli ya vyumba 30, nusu vimejaa, bei 150,000, inauza milioni 821 kwa mwaka. Kwa 0.3 Jiji linapata milioni 2.5, kwa 2 linapata milioni 16.4. Hoteli moja ya namna hiyo ingeziba pengo la kuzisamehe kabisa gesti tatu za vyumba kumi, na kila malazi yangeongezeka shilingi 2,550 tu kwenye bei ya 150,000.

Lakini lazima tukifungue kitabu cha wageni cha hoteli hiyo pia. Tanga si Nungwi. Vyumba vya 150,000 hapa hujazwa na semina za wizara, wakaguzi waliokuja na posho ya kujikimu, wafanyakazi wa miradi ya wafadhili, na tangu kazi za bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima zianze kufika Chongoleani, wahandisi wa makandarasi. Mhandisi analipiwa na kampuni yake, na huo ni mzigo unaoondoka nchini kama inavyotakiwa. Ofisa wa wizara analipiwa na Hazina, kwa hiyo ushuru wake ni fedha ya serikali inayotoka mfuko wa Dodoma kuingia mfuko wa Tanga. Kabla madiwani hawajakaa kupanga kiwango chochote, kinachotakiwa mezani kwao ni ile safu ya anakotoka kutoka vitabu vya mwezi mmoja, vya gesti na vya hoteli, imejumlishwa mara tatu: waliotoka nje ya nchi, waliolipiwa na serikali, na waliolipa kwa mifuko yao wenyewe.