Mama Kadzo na gunia lililofumuka: mfumuko wa bei ukishuka, mbona bei hazishuki?

Kila mwisho wa mwezi, Shirika la Kitaifa la Takwimu, yaani KNBS, hutangaza kiwango cha mfumuko wa bei, na redio zote hulisoma tangazo hilo. Wengi wetu husikia nambari ikipita tu kisha tunarudi kwa shughuli zetu. Leo tumewaandalia kisa cha mfanyabiashara mmoja ambaye nambari hiyo karibu imtie hasara. Yeye na wateja wake tumewabuni, na bei za maharagwe tumezitunga ili hesabu iwe rahisi kufuata. Viwango vya mfumuko ni vya kweli.

Mama Kadzo anauza maharagwe katika soko la Kongowea, Mombasa. Mwisho wa Oktoba 2024, redio ya jirani yake ilisema mfumuko wa bei umeshuka hadi asilimia 2.7, kutoka asilimia 3.6 mwezi Septemba. Hakulitilia maanani. Lakini saa nne hivi akaja kastoma wake mkubwa, mwenye kibanda cha chakula karibu na stejini, anayechukua kilo kumi kila wiki.

"Mama, leo nipimie kwa mia na ishirini na tano."

"Mia na ishirini na tano? Si unajua ni mia na arobaini."

"Lakini hukusikia redio? Bei zimeshuka. Serikali yenyewe imesema."

Mama Kadzo akakwama. Gunia hilo la kilo 90 alilinunua kwa shilingi 10,800, yaani shilingi 120 kwa kilo. Akiuza kwa 125 atabaki na shilingi tano kwa kilo, na bado kuna mkokoteni na ada ya soko. Akikataa, huyu huenda akavuka upande wa pili kwa mwingine. Akamwomba arudi jioni, kisha siku nzima akawa anapima maharagwe huku akiuliza.

"Kwani huu mfumuko ni nini hasa? Mimi najua kufumuka kwa mshono wa gunia."

Makanga aliyekuja kununua nusu kilo alijibu haraka: "Ni mafuta, Mama. Mafuta yakipanda, kila kitu kinapanda." Ana sehemu ya ukweli. Mafuta yakipanda, nauli na gharama ya lori la kuleta mzigo hupanda pia. Lakini hicho ni chanzo kimoja tu. Kitu kimoja kikipanda peke yake, kwa mfano nyanya mvua inapoharibu mashamba, huo bado si mfumuko wa bei. Mfumuko ni pale bei za vitu kwa jumla zinapopanda na kuendelea kupanda, hivyo noti ile ile inanunua vitu vichache zaidi.

Mzee mmoja wa mtaani alilisema hilo kwa njia yake: "Mwanangu, vitu havijawa vikubwa. Shilingi ndiyo imekonda."

Aliyemfungua macho ni mwalimu wa shule ya msingi, mteja wake wa miaka. Alimwambia hata huo mfano wake wa gunia si mbaya.

"Chukulia pesa yako ni gunia, na mshono umefumuka kidogo. Maharagwe yanamwagika. Redio ikisema mfumuko umeshuka, maana yake tundu limekuwa dogo. Yanamwagika polepole. Lakini yaliyomwagika hayajarudi guniani."

"Kwa hivyo bei hazijashuka?"

"Zinapanda, ila kwa mwendo wa chini."

Hapa ndipo wengi wetu hupotea, kwa hivyo tuifanye hesabu ya mwalimu. KNBS hulinganisha bei za mwezi huu na za mwezi kama huu mwaka uliopita. Tuseme kikapu cha vitu vya nyumbani kiligharimu shilingi 1,000 mwezi Oktoba 2022. Oktoba 2023 mfumuko ulikuwa asilimia 6.9, kwa hivyo kikapu kikafika shilingi 1,069. Oktoba 2024 ulikuwa asilimia 2.7. Hiyo haimaanishi tunarudi kwenye 1,000. Tunaongeza asilimia 2.7 juu ya 1,069, na tunapata takriban shilingi 1,098. Kiwango kimeshuka sana, lakini kikapu bado kimepanda. Ili bei zenyewe kwa jumla ziwe zimeshuka kuliko mwaka uliotangulia, nambari ya redio ingelazimika kuwa chini ya sufuri.

Halafu kikapu hicho ni cha Kenya nzima, si cha nyumba moja. Chakula kinachukua karibu theluthi moja ya uzito wake. Kwa familia ambayo zaidi ya nusu ya mapato huishia sufuriani, chakula kikipanda haraka kuliko vitu vingine, mfumuko wanaouhisi wao ni mkubwa kuliko ule wa redio. Redio haijadanganya, ila imepima kikapu kingine. Ni sawa pia kwa maharagwe: yanaweza kushuka msimu wa mavuno hata mfumuko ukiwa juu, na yanaweza kupanda hata ukiwa chini. Bei ya kesho ya Mama Kadzo anaijua mwenye lori.

Basi akampigia simu mwenye lori. Gunia linalokuja, akaambiwa, ni shilingi 11,700, yaani 130 kwa kilo.

Jioni mwenye kibanda aliporudi, alimweleza wazi: mzigo mpya unaingia kwa mia na thelathini, siwezi kukuuzia kwa mia na ishirini na tano. Walikubaliana abaki kwa mia na arobaini hadi gunia hilo liishe, kisha iwe mia na hamsini. Jamaa alinung'unika, ila akachukua zake kumi na kulipa kwa simu.

Kwa mfanyabiashara, hatari iko kwenye kurudisha mzigo. Kilo 90 kwa shilingi 140 ni shilingi 12,600. Ukitoa 10,800 za gunia, faida inaonekana kuwa 1,800. Mama Kadzo angeitumia yote nyumbani, angerudi kwa mwenye lori na 10,800, na kwa bei mpya hizo hununua kilo 83 tu. Gunia limepungua kilo saba na hakuna aliyemwibia. Kati ya ile 1,800, shilingi 900 ni za gunia linalofuata. Faida ya kutumia, kabla ya mkokoteni na ada, ni 900 pekee.

Na simu haiwezi kukuonyesha hilo yenyewe. Kilo 90 kwa shilingi 140 ni 12,600. Kilo 84 kwa shilingi 150 pia ni 12,600. Kwenye taarifa yako ya malipo miezi hiyo miwili inafanana kabisa, ilhali mmoja umeuza kilo sita pungufu. Ndiyo maana siku hizi Mama Kadzo ana daftari kando ya mizani. Kila jioni anafungua meseji za malipo, anajumlisha zilizoingia pamoja na za mkononi, kisha anaandika kando yake kilo zilizotoka. Gunia likibaki robo, anauliza bei ya linalokuja, na pesa zake anazihamishia kwenye akiba kabla hajagusa ya unga.

Mwenye kibanda bado huja kila wiki. Wiki iliyopita alichukua kilo nane.