Kuhifadhi Picha Iliyohaririwa Bila Kupoteza Matabaka

Kitu kisichotakiwa kinapoondolewa kwenye picha, kwa mfano ndoo ya taka iliyo nyuma ya bibi harusi, kazi hufanywa kwa matabaka. Picha ya asili hukaa chini bila kuguswa, na kiraka cha ukuta kinachoficha ndoo huwekwa juu kwenye tabaka lake. Kesho yake kikionekana kina kivuli kisicholingana na ukuta, hurekebishwa chenyewe tu.

Matabaka hayo hudumu pale tu faili linapohifadhiwa katika aina inayoyatunza. Katika GIMP, amri ya Save huandika faili la XCF. Photoshop hutumia PSD. JPEG huyaunganisha yote yakawa picha moja, kiraka kikashikamana na ukuta moja kwa moja. Tena hutupa sehemu ya taarifa za picha ili faili liwe dogo, na hutupa nyingine kila picha inapohaririwa na kuhifadhiwa upya. PNG haitupi kitu, ila nayo haitunzi matabaka. Kwa hiyo huwekwa faili moja la kazi, tuseme harusi.xcf, na nakala za matumizi hutolewa kwa Export As. Kabla ya kupunguza vipimo, picha hurudufiwa kwa Image > Duplicate. Anayepunguza ndani ya faili la kazi kisha akabonyeza Save amepoteza pikseli za awali.

Kwa uchapaji, kipimo cha kawaida ni pikseli 300 kwa kila inchi. Karatasi ya A4 ina upande mrefu wa takriban inchi 11.7, hivyo huhitaji pikseli 3508 kwa 2480. Picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000 inatosha, hata ikikatwa kidogo ili ilingane na umbo la karatasi. Picha hiyohiyo ikiwa imepunguzwa njiani hadi pikseli 1600 kwa 1200, hubakiwa na takriban 137 kwa inchi, na ncha za nyusi na nakshi za hina huchapwa zikiwa na ukungu. Kubadilisha namba kutoka 72 hadi 300 kwenye Print Size hakuongezi pikseli hata moja. Picha huchapwa ndogo zaidi, basi. Nakala ya mchapaji hutolewa kwa TIFF, au JPEG ya ubora wa juu.

Mtandaoni, pikseli kwa inchi hazina kazi. Kinachohesabiwa ni upana na urefu. Picha ya wima ya Instagram hutosha ikiwa na pikseli 1080 kwa 1350. Picha hukatwa kwanza iwe 3000 kwa 3750, ndipo ipunguzwe, isije ikavutwa na kumnenepesha bibi harusi. JPEG ya ubora wa 85 hufaa kwa picha ya kamera, na PNG kwa tangazo lenye maandishi, kwa kuwa kingo za herufi hubaki safi.