Kweli au Si Kweli: Siku 14 Kabla ya Mtihani wa Derivativu

Mwanafunzi wa kidato cha sita aliyebakiwa na wiki mbili kabla ya mtihani wa kalkulasi hakosi washauri. Kaka aliyemtangulia PCM ana lake, rafiki wa bwenini ana lake, mwalimu wa tuisheni naye ana lake. Ushauri mwingi unahusu kukariri kanuni, kana kwamba alama hupotelea huko. Lakini ni nadra kukuta mwanafunzi wa kiwango hicho asiyejua kuwa derivativu ya x³ ni 3x². Alama huondoka pale anaposhindwa kutambua kanuni ipi ianze, anaposahau kilichomo ndani ya mabano, au anapoandika mlinganyo usio sahihi kabla hata hajaanza kudiferenshieti. Hebu tuzipime kauli zinazosikika sana, tukichukulia kwamba mwanafunzi ana saa moja na nusu kila jioni.

"Wiki ya kwanza ni ya kanuni, wiki ya pili ni ya matumizi."

Si kweli. Mpango huu unapendeza ukutani, lakini unaweka sehemu ngumu mahali ambapo muda umeshakwisha. Maswali ya matumizi, yaani mteremko wa tanjenti, kasi zinazohusiana, na thamani kubwa au ndogo kabisa, yanahitaji siku kadhaa za kukosea na kurudia. Kanuni zenyewe hazihitaji wiki nzima kwa mtu aliyekwisha kufundishwa.

Siku ya 1 isiwe ya kusoma kabisa. Achukue maswali kumi na mawili yaliyochanganywa, ayafanye bila daftari, kisha aandike kando ya kila kosa lilitokana na nini: kanuni, aljebra au kuelewa swali. Siku ya 2 hadi ya 4 ni za kanuni: kipeo, zao, mgawo, mnyororo, halafu fankisheni za trigonometria, za kipeo na za logi. Kuanzia siku ya 4, kila jioni iwe na swali moja la matumizi hata kama kanuni bado hazijakaa sawasawa. Siku ya 5 hadi ya 10 matumizi yanashika sehemu kubwa ya muda, na kanuni zinarudiwa kwa dakika ishirini tu za mwanzo. Siku ya 11 hadi ya 13 ni za mitihani ya miaka iliyopita, kwa saa, mezani, bila simu.

"Derivativu ya zao ni zao la derivativu."

Si kweli, ingawa hakuna mwanafunzi atakayekiri kuwa anaiamini. Huiamini mkononi, akiwa amechoka. Asione aibu sana: Leibniz mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa kalkulasi, alijiuliza jambo hilohilo katika maandishi yake ya Novemba 1675, akajaribu mfano, akaona halisimami.

Mfano wa kuliangusha ni mfupi. Chukua x² mara x³. Zao lake ni x⁵, na derivativu yake ni 5x⁴. Ukizidisha derivativu mbili, 2x mara 3x², unapata 6x³. Hata kipeo hakilingani. Kanuni sahihi inasema: derivativu ya kwanza mara ya pili, jumlisha ya kwanza mara derivativu ya pili. Hapa inatoa 2x·x³ + x²·3x², ambayo ni 5x⁴.

"Kwenye kalkulasi huwezi kujua umekosea mpaka usahihishiwe."

Si kweli, na hii ndiyo kauli inayogharimu zaidi katika wiki mbili hizi, kwa sababu mtu anayengoja kusahihishiwa hurudia kosa lake jioni nne mfululizo.

Tuchukue y = x²(2x + 1)³. Kabla ya kugusa kalamu, ajiulize: nikipewa namba mahali pa x, hatua ya mwisho ya kukokotoa ingekuwa ipi? Angetafuta x², angetafuta mabano na kuyapandisha kipeo cha tatu, kisha angezidisha. Kwa kuwa kuzidisha ndiko kwa mwisho, kanuni ya zao ndiyo inayoanza, na kanuni ya mnyororo inafanya kazi ndani yake. Swali hilo dogo linaondoa nusu ya mkanganyiko wa kanuni ipi itumike.

Kanuni ya zao inampa 2x(2x + 1)³ + x²·3(2x + 1)²·2. Ile 2 ya mwisho ni derivativu ya kilichomo ndani ya mabano, nayo ndiyo wanafunzi huisahau. Akikusanya vigawo vya pamoja anapata 2x(2x + 1)²(5x + 1). Mahali ambapo x = 1, jibu ni 108.

Sasa achukue kikokotoo. Thamani ya y kwa x = 1 ni 27. Kwa x = 1.001 ni takriban 27.10817. Tofauti, 0.10817, aigawanye kwa 0.001: anapata karibu 108.2. Inalingana. Kama angeisahau ile 2, derivativu yake ingetoa 81 mahali hapo, na pengo kati ya 81 na 108 halifichiki. Kazi yote hii huchukua chini ya dakika mbili. Katika siku za kanuni aifanye kwa kila jibu refu, kisha aandike kosa lililonaswa kwenye daftari la makosa kwa sentensi moja: "nimesahau ndani ya mabano", basi.

"Fanya maswali ishirini ya kanuni moja mpaka ikukae."

Nusu kweli. Matatu au manne ya mwanzo yanasaidia mkono kuzoea. Baada ya hapo mwanafunzi hafikirii tena. Anajua swali linalofuata ni la mgawo kwa sababu ukurasa umeandikwa "Mgawo". Mtihani hauna kichwa hicho.

Rohrer na Taylor waliliangalia hili katika utafiti walioutoa mwaka 2007, wakitumia maswali ya ujazo wa maumbo manne. Waliofanya mazoezi umbo kwa umbo walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, na waliochanganyiwa wakapata 60 tu. Wiki moja baadaye, kwenye jaribio, waliochanganyiwa walipata 63 na wale wengine 20. Haikuwa kalkulasi, lakini ugumu ni wa aina moja: kutambua fomula ipi inahusika. Kwa hiyo kuanzia siku ya 5 maswali yakatwe vipande vya karatasi, yachanganywe kwenye kopo, yachukuliwe bila kuchagua. Mazoezi yatakuwa mabaya kuliko ya jana, na asishtuke.

"Kanuni ya mgawo lazima ikaririwe."

Si lazima. Anayechanganya ishara ya kutoa aandike mgawo kama zao lenye kipeo hasi, atumie zao na mnyororo. Aljebra itarefuka kidogo, ila jibu ni lilelile.

"Kwenye maswali ya kasi, weka namba zote mapema swali liwe rahisi."

Si kweli, na hapa inafaa kukaa.

Swali la kawaida: tangi la umbo la pia limesimama ncha chini, kimo chake ni mita 4 na nusu kipenyo cha juu ni mita 2. Maji yanaingia kwa mita za ujazo 0.5 kila dakika. Kina cha maji kinapanda kwa kasi gani kinapofika mita 2?

Mwanafunzi mwenye haraka anachora, anaona kwamba kina kikiwa mita 2 nusu kipenyo cha uso wa maji ni mita 1, anaweka r = 1 kwenye fomula ya ujazo na kupata V = πh/3. Anadiferenshieti, dV/dt inakuwa (π/3)·dh/dt, naye anahitimisha kuwa kina kinapanda karibu mita 0.48 kwa dakika. Kila hatua inaonekana safi. Kosa ni kwamba r haisimami pale. Inakua pamoja na h. Alipoiandika kuwa 1, aligeuza umbo la pia kuwa mche duara uliopunguzwa ujazo.

Njia sahihi inaacha herufi zibaki herufi. Kutokana na pembetatu zinazofanana, r = h/2 wakati wote, hivyo V = πh³/12. Derivativu yake kwa muda ni dV/dt = (πh²/4)·dh/dt. Sasa ndipo h = 2 inaingia: 0.5 = π·dh/dt, na dh/dt ni takriban 0.16, yaani sentimita 16 kwa dakika. Jibu la haraka lilikuwa kubwa mara tatu kamili.

Kuna namna ya kulihakiki bila kurudia kazi. Wakati huo uso wa maji ni duara lenye nusu kipenyo cha mita 1, eneo lake ni mita za mraba 3.14. Maji ya dakika moja, mita za ujazo 0.5, yakitandazwa juu ya eneo hilo yangetengeneza tabaka la mita 0.16. Jibu la 0.48 lingedai maji mara tatu ya yale yanayoingia.

Siku ya 7 na ya 8 ziwe za maswali ya aina hii pekee, na mwanafunzi azoee kuandika mstari mmoja kabla ya kuanza: kipi kinabadilika, kipi hakibadiliki.

"Derivativu ikiwa sifuri, hapo ndipo thamani ya juu kabisa."

Si kweli. Kwa f(x) = x³ − 3x kati ya x = 0 na x = 3, derivativu 3x² − 3 ni sifuri pale x = 1, lakini hapo thamani ni −2, ya chini kabisa. Ya juu kabisa ni 18, nayo iko mwishoni, x = 3, ambako derivativu si sifuri hata kidogo. Siku ya 9 na ya 10, kila swali la aina hii lifungwe kwa jedwali dogo: sehemu zenye derivativu ya sifuri, mwanzo, mwisho, na thamani ya kila moja. Mwenye kuruka mwanzo na mwisho hupoteza alama hata kama aljebra yake haina doa.

"Siku ya 14 ni ya kukesha."

Si kweli. Aandike kanuni zote kwa kichwa kwenye karatasi moja, arudie maswali matano ya daftari la makosa, na aangalie kikokotoo kiko kwenye radiani. Kikiwa kwenye digrii, uhakiki wa derivativu ya sin x pale x = 0 utatoa takriban 0.017 badala ya 1, naye atafuta jibu lililokuwa sahihi.