Mtafiti Naye Aandikwe Ndani ya Ripoti

Tuseme mtafiti amekwenda Paje, Unguja, kuwahoji wanawake wanaolima mwani kuhusu kipato chao. Akifika akiwa ameongozana na sheha, wengine watamdhania mtu wa serikali au wa mradi. Kipato kitatajwa kidogo, shida nyingi. Ripoti lazima iliseme hilo.

Wengi huandika tu, "Mimi ni mwanamke, msomi, kutoka Dar es Salaam." Huo ni wasifu. Msomaji anataka kujua nafasi hiyo iligusa majibu gani, na mtafiti alifanya nini. Kwa mfano:

"Katika mahojiano ya mwanzo sheha alikuwepo, na hakuna aliyelalamikia bei ya wanunuzi. Tuliporudi bila yeye, wanawake wakiwa wanafunga mwani kwenye kamba, malalamiko yalijitokeza. Kwa hiyo, kuhusu bei, tumeyapa uzito zaidi mahojiano ya pili. Hata hivyo, huenda baadhi yao walitarajia tuwatafutie mnunuzi."

Sentensi hiyo ya mwisho isifutwe, hata msimamizi akiona inaidhoofisha kazi. Na sehemu hii iandikwe kutoka kwenye daftari la kila jioni, maana baada ya miezi kadhaa mtu hukumbuka majibu na kusahau nani alikuwa amekaa pembeni.