Maswali Yaliyo Chini ya Picha za Mshindani

Kila anayeuza kitu Instagram huwachungulia wenzake. Anaona picha nzuri, anaona laiki mia tatu, anafunga simu akiwa na wivu au dharau, na kesho yake anaposti kama alivyoposti jana. Kupima kurasa za washindani ni kazi nyingine. Ni kukaa na daftari, kuhesabu, na kutafuta kitu ambacho wateja wanakitaka na hakuna muuzaji anayewapa.

Tuchukue biashara ya mapazia, Kariakoo. Namba nitakazotumia ni za mfano tu, lakini mwenye biashara hiyo ataitambua picha yenyewe.

Chagua kurasa tano. Tatu ziwe za watu wa saizi yako, wanaogombea mteja yuleyule. Moja iwe ya mkubwa wa soko. Ya tano itoke nje ya biashara yako kabisa, labda fundi vigae au muuza rangi za nyumba, kwa sababu wauza mapazia wameshaigana kiasi kwamba kurasa zao zinafanana. Ujanja huu si mpya. Kampuni ya Xerox ya Marekani, ilipobanwa na mashine za kunakili za Wajapani, ilianza mwaka 1979 kujipima na washindani wake, kisha ikaenda kujifunza kazi za ghala kwa L.L. Bean, wauzaji wa nguo na viatu ambao hawakuwahi kutengeneza mashine hata moja.

Katika kila ukurasa soma posti 30 za karibuni. Zile zilizobandikwa juu kabisa ziruke, maana mwenyewe amezichagua kwa kuwa zilifanya vizuri na zitakudanganya. Kwa kila posti andika tarehe, umbo lake (picha moja, picha kadhaa za kutelezesha, au video), inazungumzia nini, laiki ngapi, komenti ngapi, na maswali yaliyoulizwa. Saa ya kuposti ni ngumu kidogo kuipata, kwa sababu posti ikishakuwa ya siku nyingi simu inaonyesha tarehe peke yake. Pita jioni kwa wiki mbili, uone posti mpya ina umri wa saa ngapi, uhesabu kurudi nyuma.

Ukijumlisha laiki, usitumie wastani. Posti moja iliyolipuka, au shindano la zawadi ambapo watu walilazimika kuwataja marafiki watatu, hupandisha wastani wa ukurasa mzima. Panga namba zote kuanzia ndogo hadi kubwa, uchukue iliyo katikati. Hiyo ndiyo siku ya kawaida ya mshindani wako.

Kuna yasiyoonekana kwa nje. Huwezi kujua ni wangapi walioihifadhi posti, na hujui nani amenunua. Tena yule mkubwa huenda anazilipia posti zake. Ingia Maktaba ya Matangazo ya Meta, ambayo iko wazi kwa yeyote bila malipo, uandike jina la ukurasa. Utaona matangazo yake yanayoendelea na siku kila moja lilipoanza. Tangazo lililodumu miezi miwili lina jambo la kukufundisha, kwani ni nadra mtu kuendelea kutoa hela kwa kitu kisichomrudishia. Lakini usizilinganishe laiki zake za kulipia na zako za bure.

Sasa tuseme daftari limejaa posti 150. Zilizo 118 ni picha moja, video ni 26, za kutelezesha 6. Posti 97 zinasema mzigo mpya umeingia, 31 zinaonyesha kazi iliyofungwa kwa mteja, zilizobaki ni ofa na salamu za sikukuu. Mwanafunzi wa haraka atasema hapohapo, pengo ni picha za kutelezesha, kwa kuwa ni chache. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Kitu kinaweza kuwa hakipo sokoni kwa sababu hakuna anayekihitaji.

Ushahidi kwamba mtu anakihitaji uko kwenye komenti, na ndiyo sababu tuliyaandika maswali. Tuseme yako 212. Nusu hivi wanauliza bei, na wanajibiwa waje inboksi. Wengine 47 wanauliza kama mnatuma mikoani. Wengine 33 wanauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: dirisha langu ni la saizi hii, nitahitaji mita ngapi?

Pengo la bei ni kubwa kuliko yote, na mimi ningelikaribia kwa uangalifu. Wauzaji hawaifichi kwa ujinga. Bei ya pazia hubadilika kulingana na dirisha, kitambaa na ufundi, na jirani akiiona ataishusha kwa elfu mbili asubuhi inayofuata. Unaweza kutaja bei ya kuanzia kwa dirisha la kipimo fulani. Kutoa orodha nzima ni kumfanyia kazi jirani.

Yaliyonivutia ni hayo makundi mawili madogo, kwa sababu kwa kweli ni mteja mmoja. Mtu wa Dodoma au Mwanza hawezi kuletewa fundi apime, na kwa kuwa hajui kupima, anaogopa kutuma hela. Katika posti 150 hakuna hata moja inayomfundisha. Video ya sekunde 40 inatosha: shika futi kamba, pima upana wa dirisha, ongeza sentimita 20 kila upande ili bomba lizidi fremu, kisha zidisha mara mbili ili pazia likunjane vizuri. Dirisha la mita 1.5 linakuwa mita 1.9, na upana wa kitambaa unakuwa mita 3.8. Mwishoni mwambie akutumie vipimo vyake. Kwa yule fundi vigae nje ya biashara yako, huenda umeshaona video kama hiyo ya kuhesabu boksi za vigae, na watu wanaituma kwa wenzao.

Kuhusu muda, tuseme wote wanaposti saa nne asubuhi maduka yakishafunguliwa, na Jumapili wamenyamaza. Kabla ya kuikimbilia Jumapili, fungua takwimu za ukurasa wako mwenyewe wa biashara. Zinaonyesha siku na saa ambazo wafuasi wako huwa mtandaoni. Kama Jumapili jioni wapo, pengo ni la kweli. Kama hawapo, washindani wako walikuwa wanapumzika tu.

Jaribu kitu kimoja kwa wiki sita: video moja ya kupima kila wiki, mengine yabaki yalivyo. Ukibadilisha umbo, mada na saa kwa pamoja hutajua kilichofanya kazi. Usihesabu laiki, hesabu waliotuma vipimo, na kati yao walionunua. Video inaweza kupata laiki chache kuliko picha ya pazia la dhahabu na bado ikaleta oda tano kutoka mikoani, ilhali picha haikuleta hata moja.

Ikifanya vizuri utaigwa, pengine ndani ya mwezi. Kwa hiyo rudia hesabu kila baada ya miezi mitatu, uanzie chini ya video za kupima walizoiga wenzako, kwa sababu huko ndiko mteja anaanza kuuliza kuhusu dirisha la kona.