Panakota ya maziwa ya Masisi: jelatini kiasi gani ili itetemeke bila kuanguka?

Masisi inajulikana kwa ng'ombe na kwa fromaji yake. Maziwa yale yale yanaweza kutoa panakota, chakula kitamu cha Waitalia, maana yake «krimu iliyopikwa». Shida kubwa iko kwenye jelatini. Ikizidi, panakota inakuwa ngumu kama mpira. Ikipunguka, inamwagika kwenye sahani.

Kwa nusu litre, ni kusema krimu robo litre na maziwa robo litre, gramu 5 za jelatini ya unga zinatosha. Hizo ni karibu kijiko kimoja na nusu cha chai, kisichojaa juu. Sukari ni vijiko vinne vya mezani. Inatoka vikombe vinne vidogo.

Nyunyizia jelatini juu ya vijiko viwili vya maji baridi, uache dakika 10 ivimbe. Maziwa mabichi yachemke kwanza, kwa sababu yanaweza kubeba magonjwa ya ng'ombe kama brusela. Krimu mbichi ichemke nayo, pamoja na sukari. Kisha toa sufuria kwenye makala, ngojea moto upungue, ndipo utie jelatini. Usiichemshe, maana kuchemka kunaipunguzia nguvu. Koroga mpaka usione punje hata moja, na uchuje.

Vikombe vipakwe mafuta kidogo sana ndani, visivyo na harufu. Mimina, acha vipoe, kisha weka kwenye frigo saa sita. Panakota ikilala mpaka kesho inakaza zaidi, kwa hiyo usiongeze jelatini haraka.

Hapo Masisi na Walikale haziko sawa. Kwenye milima ya Masisi kuna baridi, panakota inavumilia kidogo mezani. Walikale, kwenye msitu wa chini, kuna joto, na jelatini inaanza kuyeyuka karibu na nyuzi 30. Kule tia gramu 6, na uitoe kwenye frigo wakati watu wamekwisha kukaa.

Kuitoa kwenye kikombe: vuta ukingo wake pole pole kwa kidole, hewa iingie. Zamisha kikombe kwenye maji ya moto, yasifike juu, uhesabu mpaka tano. Lowesha sahani kidogo, ili panakota ikikaa pembeni uweze kuisukuma katikati. Funika kikombe kwa sahani, geuza, tikisa mara moja. Ikikataa, rudisha kwenye maji hesabu tatu tu. Ukiona maziwa yanatiririka pembeni, ilikaa sana kwenye moto.

Ile nzuri inasimama, na ukigusa sahani inatetemeka yote pamoja. Kama haikushika, ipashe moto kidogo bila kuchemsha, ongeza gramu moja ya jelatini iliyovimba, ugandishe tena. Kama ni ngumu, iyeyushe vilevile na uongeze maziwa yaliyochemshwa. Lakini usichanganye ndani papai wala nanasi bichi: matunda hayo yanavunja jelatini, na haitashika hata ukiongeza.