Je, Wajua? Nywele Nyeusi Hazina Rangi ya Kuzungusha

Je, wajua kwamba kompyuta huzipanga rangi zote kwenye duara moja la nyuzi 360? Nyekundu imekaa kwenye 0, kijani kwenye 120, buluu kwenye 240, kisha unarudi ulikoanzia. Kipimo kinachoitwa `Hue` ndani ya Photoshop hukuruhusu kulizungusha duara hilo mpaka nyuzi 180 upande wowote, kwa hiyo hakuna rangi usiyoweza kuifikia. Isipokuwa moja, nayo ndiyo iliyo juu ya vichwa vya wengi wetu!

Huamini? Chukua picha ya dada mwenye afro nyeusi, iliyopigwa studio, na upime pikseli moja katikati ya nywele. Tuseme utakuta nyekundu 52, kijani 45, buluu 42, kila moja kati ya 0 na 255. Sasa zungusha `Hue` mpaka mwisho, nyuzi 180 nzima. Utapata 42, 49, 52. Umeona tofauti? Mteja wako naye hataiona.

Nyeusi, kijivu na nyeupe hazikai mahali popote kwenye lile duara. Zina mwanga tu, mwingi au kidogo. Ukilizungusha duara, zenyewe zimetulia tuli kama mhimili wa gurudumu.

Na hapa shika kiti. Pikseli mbili za nywele zilizo kivulini zinaweza kukaa jirani, moja ikiwa 12, 10, 11 na nyingine 11, 12, 10. Kwa jicho lako zote ni nyeusi tii, na hakuna namba iliyopishana kwa zaidi ya 2. Lakini kompyuta inasoma ya kwanza kwenye nyuzi 330, yaani waridi, na ya pili kwenye nyuzi 90, yaani kijani cha majani! Ndiyo maana maski inayochagua kwa aina ya rangi, ukiielekeza kwenye nywele nyeusi, hurudi imejaa madoadoa. Ukiona maski yako imetapakaa chembechembe namna hiyo, usihangaike kuipanua wala kuilainisha. Umeiuliza swali ambalo picha haina jibu lake.

Lakini je, wajua maski hiyohiyo hufanya maajabu kwenye rasta za buluu? Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi ama nyeupe, huangukia sehemu nyembamba ya duara, kwenye rangi ya chungwa. Buluu iko ng'ambo kabisa. Chagua `Blues` na Photoshop itashika kikamilifu nyuzi 225 mpaka 255, kisha itafifia polepole kwa nyuzi 30 kila upande. Rasta zote zinanaswa, pamoja na zile nyembamba zilizopeperuka pembeni ambazo mkono ungezifuata mpaka usiku. Na ile mistari myeupe ya mng'ao juu ya rasta? Haina buluu ya kutosha, kwa hiyo maski inaipita tu bila kuambiwa.

Nywele za kahawia sasa, hizo ni mtego. Kahawia ni rangi ya chungwa iliyotiwa giza, kwa hiyo kwenye duara inakaa jirani na paji la uso. Geuza nywele ziwe za kijani na uso wote unageuka pamoja nazo, midomo ikitangulia! Hapo ndipo wajuzi huweka maski mbili zizidishane: moja ya rangi, nyingine waliyopaka kwa mkono kuzunguka kichwa. Pikseli hupita pale tu maski zote mbili zinapoikubali.

Turudi kwa dada yetu wa afro, maana yeye anataka maruni kabla ya Jumamosi. Je, wajua kwamba unaweza kumpaka maruni kwa brashi nene laini, bila kuufuata unywele hata mmoja, na kila unywele ukabaki unaonekana? Siri iko kwenye modi ya tabaka inayoitwa `Color`. Tabaka la juu linatoa rangi, picha ya chini inatoa mwanga, na alama za unywele mmojammoja zimeandikwa kwenye mwanga.

Simu yako inalijua jambo hili zamani. Picha nyingi za JPEG huhifadhi mwanga wa kila pikseli, lakini rangi huhifadhiwa mara moja tu kwa kila pikseli nne. Piga picha ya pikseli milioni 12, na vipimo vya rangi vilivyomo vinabaki vya pikseli milioni 3! Macho yako hayajawahi kulalamika, sivyo? Basi hayatalalamika ukipaka rangi kwa brashi nene.

Tujaribu. Fungua tabaka jipya, liweke `Color`, na upake maruni ya 128, 0, 40 juu ya nywele. Ile pikseli yetu ya 52, 45, 42 inakuwa 132, 4, 44. Namba zimeruka mbali, lakini mwanga wake umebaki uleule! Photoshop huupima kwa kuchukua asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 tu ya buluu. Piga hesabu mwenyewe: kabla na baada, unapata 47.

Maruni hiyo ni kali mno, nakubali. Shusha `Opacity` ifike kati ya 50 na 60, dada afanane na mtu aliyetoka saluni.

Ila angalia juu ya kichwa, pale taa ilipopiga. Pikseli ya mng'ao ilikuwa 190, 188, 192, karibu nyeupe. Chini ya tabaka lako likiwa na nguvu kamili imekuwa 255, 156, 187. Hiyo ni pipi ya waridi! Kosa hili ndilo linaloufanya ubadilishaji wa rangi ujulikane kwa mbali, hata na mtu asiyeweza kueleza kilichomkera.

Kinachomkera ni hiki. Mwaka 2003, Stephen Marschner na wenzake walichapisha vipimo vyao vya jinsi mwanga unavyoruka kwenye unywele wa binadamu. Unywele mmoja hutoa ming'ao miwili! Wa kwanza huruka juu ya magamba ya nje bila kuingia ndani, kwa hiyo unabaki na rangi ya taa. Wa pili hupenya, hugonga ukuta wa nyuma na kutoka tena ukiwa umechovywa kwenye rangi ya nywele. Na kwa kuwa magamba hayo yamelala mshazari kidogo, ming'ao hiyo miwili haikai mahali pamoja.

Kwa hiyo nywele zipakwe maruni, buluu au zambarau, mng'ao mkali wa juu haubadiliki. Taa nyeupe, mng'ao mweupe. Rangi inaruhusiwa pembezoni mwake tu.

Sasa fanya hivi, ni kazi ya dakika moja. Bonyeza tabaka la maruni mara mbili, pembeni ya jina lake, utafute sehemu ya `Blend If`. Kwenye mstari wa `Underlying Layer` kuna pembetatu nyeupe upande wa kulia. Shikilia kitufe cha Alt uipasue vipande viwili, kimoja ukipeleke 120 na kingine 200. Chini ya 120 maruni inashika yote, juu ya 200 haishiki kabisa, na katikati inafifia taratibu. Ile pipi yetu ya waridi inageuka 199, 184, 191: mng'ao mweupe wenye harufu ya maruni tu. Usipoipasua pembetatu, rangi itakatika ghafla na kuacha mpaka kama wa ramani.

Ukuta ulio nyuma ya dada nao una vituko vyake. Je, wajua kwamba maruni ikimwagika kwenye ukuta mweupe kabisa, haionekani? Modi ya `Color` inalazimika kuulinda mwanga wa 255, na mwanga huo una rangi moja tu duniani, nyeupe. Lakini ukuta wa kijivu wa 160 ukiguswa na brashi ileile unakuwa 245, 117, 157, na afro ya dada inavaa taji la waridi. Mwenye ukuta mweupe na alale. Mwenye ukuta wa kijivu alitie tabaka la maruni maski, akapunguze rangi pembezoni kwa brashi ndogo.

Kwa nini apunguze, asifute yote? Kwa sababu mbali kidogo na kamera unywele mmoja huwa mwembamba kuliko pikseli yenyewe. Pikseli ya ukingoni ni nusu nywele, nusu ukuta, na maski yake inapaswa kuwa kijivu vilevile. Bahati nzuri maski ya kawaida ina ngazi 256 za kijivu za kuchezea.

Na akija mteja mwingine anayetaka dhahabu? Paka dhahabu ya 230, 190, 90 juu ya pikseli yetu ileile ya afro. Utapata 65, 46, 0. Tope! Dhahabu ni rangi yenye mwanga mwingi, na `Color` hairuhusiwi kuongeza mwanga hata chembe.

Msusi angekuambia hilo bila kompyuta: kwanza bleach, halafu rangi. Kwenye picha bleach ni `Curves`, tabaka linalowekwa chini ya rangi ili kuinua mwanga wa nywele. Lakini ukiinua sana, vivuli vinaanza kutema chembechembe, na JPEG inaonyesha vigae vyake vya pikseli 8 kwa 8. Kwa maoni yangu, afro iliyopigwa picha kwa mwanga hafifu haifiki dhahabu kamwe. Inaishia kahawia ya asali, na kahawia ya asali inapendeza!

Unataka kujua kama umeharibu unywele wowote? Weka juu ya vyote tabaka jeusi lenye modi ya `Color`, picha yote igeuke kijivu. Kisha zima na washa tabaka la maruni. Hakuna kitakachosogea, hata kidogo! Kikisogea, kuna tabaka lingine linalogusa mwanga wako.

Halafu nyusi. Watu wengi wanaotia nywele rangi saluni huziacha nyusi zao jinsi zilivyo, kwa hiyo afro ya maruni juu ya nyusi nyeusi haimshangazi mtu. Ukizipaka nazo maruni kamili, hapo ndipo watu watauliza picha imefanyiwa nini.